Pembe ya Kushoto, Pembe ya Kulia

Kati ya ripoti zote za maabara nilizosahihisha, moja ninaitunza hadi leo. Ina kurasa tisa, na ukurasa wa nne umepigwa mstari mmoja wa penseli kutoka kona hadi kona. Haukuchanwa wala haukufutwa. Kila tarakimu iliyo chini ya mstari ule bado inasomeka. Mwenye daftari alikuwa binti wa mwaka wa pili wa fizikia, mkimya, mwenye mazoea ya kubaki maabara wenzake wanapoondoka. Jaribio lenyewe ni lile ambalo wanafunzi wengi wa fizikia hulipitia: unapima mistari ya rangi inayotolewa na gesi ya hidrojeni, kisha unatafuta namba moja inayoifunga mistari hiyo yote katika kanuni moja.

Namba hiyo imeshapimwa na watu wengi kwa usahihi usiofikiwa na maabara yoyote ya wanafunzi, na imechapwa katika vitabu. Kwa hiyo anayesahihisha hasomi ripoti ili ajue namba. Anasoma ili aone mkono wa aliyepima. Katika daftari lile niliuona mkono huo waziwazi, na hasa katika ule ukurasa uliopigwa mstari.

Nianze na chombo. Gesi ya hidrojeni imefungwa katika bomba la kioo lililobanwa katikati likawa jembamba kama nyasi, na ncha zake mbili zinapewa umeme wa volti elfu kadhaa. Bomba linawaka rangi ya waridi. Mwanga wake unapita kwenye mwanya mwembamba, unanyooshwa na lenzi, kisha unafika kwenye gretingi, yaani kipande cha kioo chenye mistari iliyochorwa kwa ukaribu mno. Yetu ilikuwa na lebo ya mistari 600 kwa milimita. Gretingi inatupa kila rangi kwenye pembe yake: nyekundu mbali zaidi, kinyume na prizimu, na zambarau karibu zaidi na katikati. Mpimaji anazungusha darubini ndogo mpaka uzi uliomo ndani yake ulale juu ya mstari wa rangi, halafu anasoma pembe kwenye duara lililogawanywa kwa digrii na dakika. Digrii moja ni dakika 60, na vernia ya chombo chetu ilisoma mpaka dakika moja.

Ukishapata pembe, hesabu ni fupi:

λ = d sin θ

Hapo λ ni urefu wa wimbi na d ni umbali kati ya mstari mmoja wa gretingi na mwingine. Kisha unaingia kwenye kanuni ya mistari yenyewe:

1/λ = R (1/4 − 1/n²)

Mstari mwekundu una n = 3, wa samawati-kijani una n = 4, na wa zambarau una n = 5. R ndiyo namba inayotafutwa, na kila mstari unatakiwa kutoa R ileile. Neno hilo, ileile, ndilo lililomfanya binti yule akapiga mstari wa penseli.

Siku ya kwanza alifanya kama wengi wanavyofanya. Alielekeza darubini moja kwa moja kwenye mwanga usiopinda, akasoma 180°00′ akaiita sifuri, kisha akazungusha upande wa kushoto na kusoma mistari mitatu. Nyekundu ilikuwa 23°12′ kutoka kwenye sifuri, samawati-kijani 17°00′, zambarau 15°09′. Akachukua lebo ya gretingi kama ilivyo, mistari 600, akakokotoa. Mstari mwekundu ulimpa R ya 1.0966 × 10⁷ kwa mita. Wa pili ukampa 1.0945. Wa tatu 1.0932. Wastani wake ni 1.0948, na tofauti na namba ya hidrojeni ya kitabuni haifiki hata asilimia 0.2.

Nimesahihisha ripoti nyingi zilizoishia hapo. Mwanafunzi anaandika wastani, anaandika asilimia ya kosa, anaongeza sentensi moja kwamba jaribio limefaulu, anafunga daftari. Na ukitazama mstari mwekundu peke yake, 1.0966, unaweza hata kushangilia, maana umeikaribia kabisa namba ya hidrojeni.

Yeye alikuja mezani kwangu na daftari wazi.

“Mwalimu, hizi namba zinashuka,” alisema. “Zingekuwa zinarukaruka, moja juu, moja chini, nisingejali. Lakini zinashuka kwa mpangilio.”

Nilimwuliza kama amesoma upande mmoja au pande zote mbili.

“Mmoja tu, Mwalimu. Wa kushoto.”

Sikumwambia zaidi ya kwamba arudi akasome na wa pili. Sababu alikuwa ameshaigusa mwenyewe. Makosa ya bahati, yale ya jicho na uzi, hayana mwelekeo. Namba zikipangika ngazi kwa ngazi, kuna kitu kimoja kinachozisukuma zote, na kinazisukuma kwa viwango tofauti.

Mfikirie fundi cherehani mwenye utepe wa kupimia. Utepe ukiwa umevutika kwa kuzeeka, kila kipimo kinakosewa kwa uwiano uleule: kanzu na kofia zote zinapotoka kwa asilimia moja. Lakini utepe uliokatika sentimita moja ya mwanzo unakosea tofauti. Sentimita moja ikikosewa kwenye urefu wa kanzu haionekani sana. Ikikosewa kwenye kofia, kofia haiingii kichwani. Gretingi yenye lebo isiyo sahihi ni ule utepe uliovutika. Ingeiharibu R ya nyekundu na ya zambarau kwa asilimia ileile, na namba zisingeshuka. Sifuri iliyosogea ni ule utepe uliokatika: dakika chache zilezile zinaongezwa kwenye kila pembe, na pembe ndogo ndiyo inayoumia zaidi. Zambarau ina pembe ndogo kuliko zote. Na ni zambarau iliyotoka chini kuliko zote.

Siku mbili baadaye alirudi jioni. Safari hii alisoma kila mstari kushoto na kulia, bila kugusa kitu kingine chochote kati ya usomaji mmoja na mwingine. Kushoto kulikuwa kama siku ya kwanza. Kulia, nyekundu ilikuwa 23°01′, samawati-kijani 16°48′, zambarau 14°57′. Tofauti ya pande mbili ilikuwa dakika 11, kisha 12, kisha 12. Chini yake aliandika kwa penseli: “Tofauti ni moja kwa mistari yote. Gretingi haijapinda, sifuri ndiyo mbaya.”

Sentensi ile niliisoma mara mbili, kwa sababu wengi wangelaumu gretingi. Gretingi ikisimama mshazari mbele ya mwanga, pande mbili zinatofautiana pia, lakini tofauti yake hukua pembe inapokua. Nyekundu ingekuwa na tofauti kubwa kuliko mara mbili ya zambarau. Hapa zilikuwa sawa. Kwa hiyo kosa halikutoka kwenye kioo, bali kwenye mahali pa kuanzia kuhesabu. Alimaliza kwa kuielekeza tena darubini kwenye mwanga ulionyooka, akasoma 180°06′. Duara la digrii lilikuwa limeteleza dakika sita baada ya sifuri ya kwanza, kwa sababu skrubu inayolibana haikukazwa sawasawa. Akaikaza. Ndipo akarudi ukurasa wa nne akaupiga ule mstari mmoja.

Dawa ya sifuri iliyosogea ni kutoihitaji kabisa. Unachukua usomaji wa kushoto na wa kulia wa mstari uleule, unatafuta pembe nzima iliyo kati yao, kisha unaigawa kwa mbili. Popote sifuri ilipo, kinachozidi upande mmoja kinapungua upande wa pili. Pembe nzima ya nyekundu ikawa 46°13′, ya samawati-kijani 33°48′, ya zambarau 30°06′.

Ilibaki lebo. Mistari 600 iliyoandikwa kwenye fremu ni namba ya duka. Gretingi za wanafunzi ni nakala za plastiki zilizotolewa kwenye gretingi mama, na nafasi kati ya mistari ya nakala huweza kutofautiana kidogo na ya mama. Mpimaji makini haiamini lebo, anaipima. Aliweka taa ya sodiamu mbele ya mwanya. Mwanga wa njano wa sodiamu ni mistari miwili iliyo karibu sana, nanomita 589.00 na 589.59, na kwenye gretingi hii inatengana kwa zaidi kidogo ya dakika moja tu. Ukiacha mwanya wazi, unaona mstari mmoja mnene. Alibana mwanya polepole mpaka mstari ukachanika vipande viwili, akachagua ule wa ndani, unaong’aa zaidi, ambao ni 589.00. Pembe nzima ilikuwa 41°15′. Hesabu ikatoa mistari 598 kwa milimita, si 600.

Sasa siri ya ule mstari mwekundu wa siku ya kwanza inafunguka. Lebo iliivuta R juu kwa theluthi moja ya asilimia. Sifuri iliyosogea iliivuta chini, na kwenye pembe ya nyekundu ilivuta kwa karibu kiasi kilekile. Makosa mawili yalikutana yakafutana, yakaacha namba nzuri ambayo haikuwa na haki ya kuwa nzuri. Aliyepima mstari mmoja tu asingegundua kamwe.

Kuhusu kuona kwenyewe, lazima niseme kidogo, kwa kuwa ndiko muda mwingi ulikopita. Mstari mwekundu unaonekana na kila mtu. Wa zambarau unataka giza na subira. Alizima taa, akafunga mapazia, akakaa karibu dakika ishirini za saa macho yazoee, na vernia aliisoma kwa tochi aliyoifunika karatasi nyekundu ili asipoteze uzoefu huo. Bomba aliliwasha kwa muda mfupi mfupi na kulipumzisha, maana likipata joto sana linachakaa upesi. Halafu akakutana na mgeni: karibu na mstari wake wa zambarau kulikuwa na mwingine, dakika zisizofika nne pembeni. Ukiusoma huo badala ya wako, R inashuka hadi 1.0926 na hutajua kwa nini. Alichofanya ni rahisi na kizuri. Alizima bomba la hidrojeni akaendelea kutazama. Mstari wake ukatoweka, mgeni akabaki. Ulikuwa mstari wa zebaki, nanomita 435.8, uliotoka kwenye taa za mirija za ukumbi na kupenya chini ya mlango. Akaweka koti lake la maabara kwenye ule upenyo.

Mstari wa nne wa hidrojeni, wenye n = 6, uko kwenye nanomita 410, ukingoni kabisa mwa uwezo wa jicho. Katika ripoti nyingi unakuta umepimwa, na thamani yake imekaa sawasawa kuliko ya mistari mingine yote. Msahihishaji mzoefu anajua hiyo imetoka wapi. Katika daftari lile safu yake ina maneno matatu: “Siuoni kwa hakika.” Kiboksi cha pembe kiko tupu. Kiboksi hicho kitupu ninakiheshimu sawa na namba zote zilizojazwa.

Kwa d mpya na pembe mpya, nyekundu ikawa nanomita 656.25, samawati-kijani 486.09, zambarau 434.18. R zake zikawa 1.0971, 1.0972 na 1.0968. Zinarukaruka sasa, na mruko ni mdogo kama nusu dakika ya jicho inavyoruhusu. Alichora pia grafu, 1/λ dhidi ya 1/n², na nukta tatu zikalala kwenye mstari ulionyooka. Aliurefusha mstari ule mpaka ukakata mhimili mahali ambapo 1/n² ni sifuri, kwenye milioni 2.742 kwa mita. Ukigeuza hiyo kuwa urefu wa wimbi unapata nanomita 364.7.

Namba hiyo ina historia. Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi, akiwa na umri wa karibu miaka 60, alichukua urefu wa mawimbi manne ya hidrojeni yaliyopimwa na Msweden Anders Ångström, akayatazama kama mtu anayetafuta uwiano wa nyuzi za kinanda. Hakupima kitu. Alipata kwamba yote manne yanatoka kwenye urefu mmoja, ambao kwa vizio vya leo ni nanomita 364.56, ukizidishwa kwa sehemu kama 9/5, 4/3, 25/21 na 9/8. Baadaye kidogo Janne Rydberg wa Lund aliandika mambo kwa 1/λ, na kanuni ikapata umbo tunalolitumia. Ndiyo maana R inabeba jina lake. Kwa nini iwe hivyo, hapakuwa na jibu mpaka mwaka 1913, Niels Bohr alipoonyesha kwamba mistari hii ni elektroni inayoshuka hadi ngazi ya pili ya atomu, na kwamba R inatoka kwenye uzito na chaji ya elektroni yenyewe. Balmer alikuwa ameshafariki mwaka 1898. Kwa vipimo vya Ångström alipata 364.56. Binti wa mwaka wa pili, kwa plastiki yenye mistari 598 na koti chini ya mlango, alipata 364.7.

Wastani wake wa R ulikuwa 1.0970, na shaka aliyoiandika ilikuwa 0.0005 juu au chini. Niliipenda hata shaka ile. Alikuwa ametambua kwamba nusu dakika ya kila mstari wa hidrojeni inapungua ukichukua wastani wa mitatu, lakini nusu dakika ya sodiamu haipungui, kwa sababu d ni moja na inaivuta mistari yote mitatu pamoja. Kwa hiyo hakugawa shaka yote kwa mzizi wa tatu, kama inavyofanywa mara nyingi. Aliigawa ile inayogawika, akaiacha nyingine ilivyo, kisha akaziunganisha.

Nilikuta kosa moja, nikalitia wino mwekundu. Katika mstari wa mwisho alikuwa ameilinganisha namba yake na 1.09737, iliyomo katika orodha ya namba za msingi za fizikia. Hiyo ni R ya atomu ambayo kiini chake ni kizito bila kikomo na hakitikisiki kabisa. Kiini cha hidrojeni ni protoni moja, nzito mara 1,836 tu kuliko elektroni, na kinatikisika kidogo elektroni inapozunguka. R yake ni 1.09678. Tofauti ya hizo mbili ni kama asilimia 0.05, sawa na shaka yake nzima, kwa hiyo si jambo la kupuuza katika ripoti iliyofika hapo. Tena kuna hewa. Mawimbi ya sodiamu aliyotumia kupima gretingi ni ya hewani, kwa hiyo na ya hidrojeni yametoka ya hewani, ilhali R ya vitabuni ni ya mahali pasipo na hewa. Hewa huyafupisha mawimbi kwa kama sehemu 28 katika laki moja, na R inapaswa kupunguzwa kwa kiasi hicho.

Nilimrudishia daftari. Wiki iliyofuata alilileta tena bila kuombwa. Alama nilikuwa nimeshazipeleka, na alilijua hilo. Chini ya wino wangu mwekundu aliongeza mistari miwili kwa penseli. Wa kwanza uligawa 1.0970 kwa 1.00028. Wa pili ulisomeka: “R ya hidrojeni, baada ya kuondoa hewa: (1.0967 ± 0.0005) × 10⁷ kwa mita. Ya kulinganisha: 1.09678.”